Herufi za kuruka mu mafumbo ya maneno: namna ya kushika ishara, kuhesabu na kutokosea witiri na shufwa

Hapa Goma kuran ikikatika jioni, na forfe imeisha, mimi nachukua kaye na biki naanza kutunga mafumbo ya maneno. Siongelee zile mokrwaze za kawaida ambazo wanakuuliza "mji mkuu wa nchi fulani" unajaza unaenda. Naongelea zile za kijanja, ambazo kidokezo kinasoma kama sentensi ya kawaida kumbe ndani kuna maana sehemu moja, na sehemu ingine kuna maelekezo ya kutengeneza jibu herufi kwa herufi. Hiyo michezo ilikomaa Uingereza miaka ya 1920, na ule mutungaji mwenye aliitwa Torquemada alianza kuiweka mu gazeti The Observer mwaka 1926. Mbinu ziko nyingi, me leo nashika moja tu: ya kuchukua herufi moja na kuacha moja. Watu wanaonaga iko nyepesi, halafu njo hapo hapo wanaangukaga.

Tuanze na mfano, maelezo yatafuata.

Mkuu mkuu, shufwa tu, ni mfugo (4)

Jibu ni KUKU, herufi nne kama ile (4) ya mwisho inavyosema. Andika MKUUMKUU, herufi nane. Ya pili K, ya nne U, ya sita K, ya nane U. Mfugo njo kuku, basi. Mutoto wa yaya yangu alicheka siku nzima, eti "tonto, kumbe mkuu akikatwa katikati anabaki kuku".

Kama uliacha hesabu zamani: witiri njo zile namba 1, 3, 5, 7, ku masomo tulikuwa tunaita emperi. Shufwa njo 2, 4, 6, 8, yaani peri. Mimi nitatumia witiri na shufwa paske ni fupi na zinaingia vizuri mu vidokezo.

Sehemu tatu za kidokezo

Kila kidokezo cha aina hii kiko na vitu vitatu. Kuna maana, ambayo inakaa mwanzo kabisa ao mwisho kabisa, haikaagi katikati. Kuna maneno ya kukatwa, mimi naita kitambaa. Na kuna ishara, yaani neno ao maneno yanayokuambia ukate namna gani, hiyo naita mkasi. Mu mfano wetu kitambaa ni "mkuu mkuu", mkasi ni "shufwa tu", maana ni "mfugo". Kale ka "ni" ni ka kuunganisha tu.

Kitu moja cha muhimu sana: kitambaa kinakuwa pale mbele ya macho, neno zima zima, vile vile limeandikwa. Hautafuti neno lingine lenye maana sawa halafu ukate hilo. Kama wameandika "mkuu", hawezi kutaka ukate "chifu". Mutungaji mwenye anafanya hivyo anakuibia, na watu wa mufano wa Derrick Macnutt, ule mutungaji alikuwa anajiita Ximenes, walikataa mambo hayo kabisa. Donk ukihisi kidokezo ni cha kuruka, furahi, herufi zako zote tayari ziko mu sentensi, kazi ni kuzichagua.

Hatua ya kwanza: tafuta mkasi

Usianze na kitambaa, anza na mkasi. Mikasi iko aina tatu na kila aina inafanya kazi tofauti.

Kuna ile inasema wazi: "witiri", "witiri za", "shufwa tu". Hapo hauna mashaka, unajua kama unaanza na herufi ya kwanza ao ya pili.

Kuna ile haisemi upande: "kwa zamu", "kwa kuruka", "moja moja", "kwa kupokezana", "mara kwa mara". Hapo weye njo unajaribu pande zote mbili. Sasa "kila ya pili" watu wanaibishania. Mimi naisoma kama shufwa, paske ukihesabu moja, mbili, ile ya pili njo unayochukua, me kuna watungaji wanaitumia kusema tu "ruka", so usiapize. Na "mara kwa mara" kusema ukweli siipendi, inasema kitu kinarudia rudia bila kusema kinarudia namna gani, me utaikuta, jifunze kuishi nayo.

Aina ya tatu njo inaua watu. "Bila witiri". "Ukitupa shufwa". "Witiri zikitoroka". Hapo jicho linaona neno witiri, mkono unakimbia kuchukua witiri, kumbe wamesema witiri ziondoke, zinazobaki ni shufwa! Nimefanya hilo kosa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukubali. Sasa nikiona witiri ao shufwa, naangalia kwanza kitenzi cha pembeni: kinachukua ao kinatupa?

Kama unachezaga za Kiingereza ku telefone, mikasi yao inaenda vile vile, na hii ni ile unaona zaidi:

```
oddly / odd bits of             -> 1 3 5 7
evenly / even parts of          -> 2 4 6 8
regularly / alternately         -> 1 3 5 7 ao 2 4 6 8
oddly ignored / without odds    -> 2 4 6 8
```

Angalisho moja hapo: ile ya kwanza, `oddly`, wanaitumiaga pia kusema herufi zimechanganywa ovyo. Donk kabla ya kuapa ni kuruka, hesabu kwanza, na kuhesabu njo hatua inayofuata.

Hatua ya pili: hesabu kabla ya kukata

Watu wengi hawafanyi hii, wanaruka moja kwa moja ku kukata. Me hapa njo unajua kama uko njia nzuri bila hata kusoma herufi moja.

Kitambaa kikiwa na herufi nane, witiri ni nne na shufwa ni nne. Kikiwa na saba, witiri ni nne, shufwa ni tatu. Kikiwa na tisa, witiri ni tano, shufwa ni nne. Yaani hesabu ikiwa haigawanyiki kwa mbili, witiri inazidi moja, basi.

Geuza sasa. Jibu ni la herufi nne. Kitambaa lazima kiwe na herufi saba, nane ao tisa, hakuna ingine. Kikiwa na saba ni witiri tu, kikiwa na tisa ni shufwa tu, kikiwa na nane jaribu zote. Ukiona kitambaa unachofikiria kiko na herufi sita na jibu ni nne, acha, ao hicho hakiko kitambaa kizima ao kidokezo haiko cha kuruka peke yake. Unaona, hata mkasi ukisema "mara kwa mara" bila upande, namba njo inakuambia upande.

Na kwa nane, ao namba ingine yenye kugawanyika kwa mbili? Neno la Kiingereza PLAINT liko na herufi sita, witiri inatoa PAN, shufwa inatoa LIT, yote mawili ni maneno ya kweli. Hapo hauna namna ingine, unaangalia maana, na unaangalia herufi za maneno yanayokatiza. Kwa hiyo ikiwa kitambaa kinagawanyika kwa mbili na mkasi hausemi upande, usiandike na biki, andika na kreyo.

Hatua ya tatu: andika, weka nukta, kata

Usikate na macho. Naomba sana. Chukua kapande ka karatasi, andika kitambaa chote kwa herufi kubwa bila nafasi, bila mkato, bila alama ya kuuliza, weka namba chini:

```
M T O N J I A
1 2 3 4 5 6 7
```

Hiki kinatoka ku kidokezo hiki: Mto, njia: ruka shufwa, pata namba (4). Herufi saba, jibu nne, donk ni witiri, na mkasi "ruka shufwa" unasema vile vile. M, O, J, A. Namba: MOJA.

Angalia kitu hapa. Ku neno "njia" peke yake J iko ya pili, me mu kitambaa iko ya tano. Hesabu haianzi upya ukifika ku neno lingine, inaendelea kama gari bila breki. Ungeanza upya ungepata MONI, halafu ungekaa unajiuliza moni ni kitu gani. Na hili kosa halionekani ukiwa na maneno ya herufi nne nne kama "mkuu mkuu", paske pale kuanza upya ao kuendelea inatoa kitu kimoja. Linaonekana tu neno la kwanza likiwa na herufi tatu, tano, saba. Kwa hiyo mutu anaweza kucheza mwezi mzima akihesabu vibaya bila kujua.

Herufi mbili zinazofuatana sawa nazo zinatega. Ku "njaa" jicho linaona A moja. Ukiruka A moja kila kitu nyuma yake kinasogea, witiri inakuwa shufwa, unapata takataka. Halafu ile alama ya ng'ombe: haiko herufi, haichukui namba, haichukui kasanduku. N, G, O, M, B, E, sita. Na SH, CH, NG ni herufi mbili mbili hata kama mu kinywa ni sauti moja, paske kila kasanduku kinachukua herufi moja.

Kwa nini Kiswahili kinasumbua hapa

Hii njo sehemu ninapenda zaidi. Chukua neno letu la kila siku, makala. Nikisema makala nasemea ile ya kupikia, Kiswahili cha kitabu kinasema mkaa. Kata M-A-K-A-L-A. Witiri: MKL. Shufwa: AAA. Jaribu SAMBAZA, wale samaki wadogo wa ziwa: S, M, A, A upande moja, A, B, Z upande mwingine. Jaribu CHUKUDU, ile trotineti ya mbao ya kubebea mizigo: witiri CUUU, kama mutu anapandisha mlima na mzigo, shufwa HKD.

Sababu ni kwamba Kiswahili kinapenda konsonanti moja, vokali moja, konsonanti moja, vokali moja. Ukiruka moja moja ku neno la hivyo, konsonanti zote zinaenda upande moja na vokali zote upande mwingine. Kiingereza hakina hiyo shida kwa sababu konsonanti zao zinarundikana popote. Kwa hiyo ukiwa unatafuta kitambaa mu kidokezo cha Kiswahili, maneno kama makala, kitabu, barabara, kalamu, yatoe haraka, hayawezi kuwa kitambaa cha jibu zima. Kitambaa kizuri kina mahali utaratibu umevunjika: konsonanti mbili zimeshikana (mk, nj, nd, mt, kw, sh) ao vokali mbili zimeshikana (aa, uu, ia, uo).

Sasa linganisha na mkaa. M-K-A-A, shufwa ni KA. Mkaa mkaa, shufwa ni KAKA. Makala haitoi kitu, mkaa unatoa ndugu wa kiume. Siku nilipoona hiyo niliacha kulala.

Ukishajua hivyo unaanza kuona kitambaa kabla hata ya mkasi. Neno moja refu lenye kufaa ni adimu, na moja nzuri niliyopata ni Shambaa, wale watu wa milima ya Usambara kule Tanzania: S-H-A-M-B-A-A, witiri SABA. Herufi saba zinatoa saba, hata ukitaka hautapata zuri zaidi.

Kidokezo kimoja mpaka mwisho

Hiki nilimpa mutoto wa yaya, akakaa nacho nusu saa:

Ndugu, njaa? Omba kwa zamu mwanzo wa asubuhi (5)

Alisoma kama sentensi, njo kosa la kwanza, sentensi inakupeleka ku wenye njaa wanasimama foleni asubuhi. Sahau hiyo picha. Maana iko mwanzo ao mwisho: ni "ndugu" ao ni "asubuhi" ao "mwanzo wa asubuhi". Mikasi? "Kwa zamu" inanuka kuruka. Kitambaa lazima kigusane na mkasi, basi ni maneno ya nyuma yake: "omba", ao "njaa omba". Ao ya mbele: "mwanzo wa..." lakini hiyo ni ndefu.

Yeye aliandika NJAAOMBA, akahesabu, nane. Jibu ni tano. "Tonto, haitoshi, nane inatoa nne." Sawa kabisa, na hapo alitaka kuacha. Me kuhesabu hakukusema kitambaa ni kibaya, kumesema kinaleta herufi nne na ya tano inatoka mahali pengine. Na mahali pengine pako pale pale: "mwanzo wa asubuhi", mwanzo wa neno asubuhi ni A. Hiyo ni mbinu ingine, ya kuchukua herufi ya kwanza, na vidokezo vingi vinachanganya mbinu mbili hivyo.

Basi N-J-A-A-O-M-B-A. Witiri: N, A, O, B. NAOB na A, NAOBA, hapana. Shufwa: J, A, M, A. JAMA na A: JAMAA. Ndugu njo jamaa. Maana "ndugu" mbele, na kila neno lililobaki limefanya kazi yake, hakuna hata moja limekaa bure. Hicho njo kipimo changu cha mwisho: nikipata jibu lakini kuna neno mu kidokezo halijafanya kitu, narudi kuangalia, mara nyingi nimebahatisha tu.

Kutunga chako

Kutunga kunafundisha haraka kuliko kujaza, na kwa Kiswahili kuko rahisi ukianza na vipande. Tafuta maneno ya herufi nne ambayo shufwa yake inatoa silabi. Mkuu unatoa KU, mkaa ao mkia KA, mtaa TA, njaa ao njia JA, ndoa DA, nguo GO, mpya PA, omba, imba na amka zote MA, enda na anza NA. Halafu unga. Nguo na omba inatoa GOMA, mji wetu, nikaandika:

Mji wa nguo? Omba kila ya pili (4)

Njia na enda inatoa JANA: Njia? Enda bila witiri siku iliyopita (4).

Kwa witiri, chukua neno la herufi tatu ao sita lenye kuanza na konsonanti mbili, halafu unga ingine. Kwanza ni nzuri sana, K-W-A-N-Z-A inatoa KAZ, ongeza "ita" inatoa I na A, tayari KAZIA:

Kwanza ita witiri, sisitiza (5)

Hesabu tisa, witiri tano, inaingia. Unapoandika, chagua mkasi wenye kuingia mu sentensi bila kuonekana. "Kwa zamu" iko nzuri paske watu wanaombaga kwa zamu, wanatekaga maji kwa zamu, jicho linapita. "Witiri" inapiga kelele, kila mutu anaiona mbali, kwa hiyo mimi naiweka ku vidokezo vya kuanza tu. Na usiweke neno kati ya kitambaa na mkasi, vikae vimegusana.

Juzi mutoto wa yaya naye alileta chake, amekiandika nyuma ya kaye ya hesabu. Kitambaa nane, jibu nne, mkasi unasema upande. Nilimurudishia mara moja tu kwa sababu alikuwa ameweka "na" katikati ya kitambaa, akaitoa, sasa kinasimama:

Ndoa, ndoa kila ya pili! Wa mama mmoja (4)